Spika Chumbani kwa Mama Mkwe

Mama mkwe alipoletwa kwangu Kibaha kutoka Kibuta, akiuguza mguu uliovunjika, mume wangu alinunua spika ya kisasa ili mama yake asikilize kaswida. Kuiunganisha nikaachiwa mimi, kama kila kitu cha nyumba ile.

Niliichomeka kwenye umeme, nikafungua programu yake kwenye simu, nikaiingiza kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Kisha kaswida nikazipiga kwa bluetooth, maana ndiyo niliyoizoea. Hapo nikajifunga mwenyewe. Spika ilipokea sauti kutoka kwenye simu yangu, kwa hiyo nikienda nayo uani kufua, inakatikakatika. Nikipigiwa, kaswida inanyamaza. "Mwanangu, imekata," ananiita, nami narudi. Wiki mbili sikufika hata sokoni Kwa Mathias kununua mboga.

Siku moja, kwenye simu, nikagusa ile alama ya kurusha muziki kwa Wi-Fi, nikachagua jina la spika. Sasa spika ikawa inavuta kaswida yenyewe kwenye intaneti, simu imebaki rimoti tu. Nikaitia kwenye pochi, nikaondoka. Kwa Mathias nilizunguka hata maduka nisiyo na shida nayo.

Niliporudi kaswida ilikuwa inaendelea vizuri. Mama mkwe ameugeukia ukuta.

"Haikukata, mama?"

"Haikukata. Nirudishie ile ya kwanza, mwanangu. Ile ilikuwa inakurudisha."

Nikawasha bluetooth, nikaketi ukingoni mwa kitanda chake, simu mapajani.