Mwanya wa Benchi la Sita

Kwa miaka thelathini na mmoja Qu Fengzhi alikuwa mtu wa kwanza kuingia katika maabara ya mwanga ya chuo kimoja cha Changchun, na hakuna aliyewahi kumwuliza anafanya nini humo peke yake. Wanafunzi walifika saa mbili, wakainamia darubini ndogo zilizo mwisho wa mabenchi, wakaona mistari ya njano na myeusi imejipanga, wakapima, wakaandika, wakaenda zao kula. Waliamini mistari ile inakaa mle ndani siku zote, ikiwasubiri wao. Kazi nyingine ndivyo zilivyo: ukiifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba kuna mtu aliyeifanya.

Alianzia kiwandani, akisugua lenzi, mikono ndani ya maji baridi. Chuo kilimchukua akiwa na miaka ishirini na mitatu kwa sababu ya jicho lake. Msichana yule aliweza kutazama ufa mwembamba kuliko unywele akasema umezidi kidogo, na kipimo kikakubali. Maprofesa wakubwa walimwita aje awatazamie. Mumewe, alipokuwa hai, alikuwa akimtania kwamba ameoa hadubini.

Kila benchi lilikuwa na taa ya sodiamu, mbele yake mwanya mmoja wa chanzo, kisha sentimita thelathini mbele, kioo chenye mianya miwili iliyoachana nusu milimita. Mianya miwili ndiyo inayosifiwa vitabuni. Fengzhi alijua kwamba ule mmoja wa mwanzo ndio wenye ukorofi. Kila kipande chembamba cha mwanya ule huchora mistari yake, na mistari ya kipande cha jirani huangukia pembeni kidogo. Mwanya ukiwa mwembamba, michoro yote hulaliana na mistari hukaza. Ukiupanua, ni kama kugonga muhuri mara nyingi huku karatasi ikisogea: nyeupe ya mmoja inaangukia nyeusi ya mwenzake, mpaka inabaki njano tupu. Mwanga unaongezeka na mistari inakufa.

Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake. Alifunga kingo za mwanya mpaka zikagusana, akafungua moja ya tano ya mzunguko wa skrubu, ambayo ni moja ya kumi ya milimita. Akatazama mistari, akaweka uzi wa darubini, ule mstari mwembamba wa kupimia unaoonekana ndani yake, katikati kabisa, akadondosha nta nyekundu juu ya skrubu. Mwishowe alitia sahihi kwenye fomu ya benchi: mistari imeonekana. Kuivunja nta ya Mwalimu Qu kwenye mtihani kulikuwa kosa la kufukuzwa chumbani. Aliiweka sheria hiyo mwenyewe, baada ya mwanafunzi mmoja mwenye mikono mizito kuziharibu kingo mbili kwa asubuhi moja.

Vuli ya mwaka wa thelathini na mmoja ndipo doa lilipoingia machoni. Kwanza lilikaa kwenye jicho la kushoto, kisha likaingia na la kulia: kila alichokitazama moja kwa moja kilikuwa na giza katikati. Uso wa mtu ulikuwa na masikio bila pua. Daktari wa jiji alimwambia waziwazi kwamba kiini cha jicho kimeoza na hakuna upasuaji wa kukirudisha. Akarudi nyumbani, akapika kabichi chachu, akala, hakumwambia mtu. Binti yake alikuwa Guangzhou na alipiga simu Jumapili. Jumapili ile waliongea habari za hali ya hewa.

Aogope nini? Aliogopa kukosa chumba kile. Mwezi wa nne angetimiza miaka hamsini na mitano, umri wa kustaafu, lakini Profesa Geng, mkuu mpya wa idara, alikuwa ameomba aongezewe miaka mitatu, kwa kuwa hakuna mwingine wa kupanga mabenchi. Akijua habari za macho, ombi limekufa. Na nje ya chumba kile Fengzhi alikuwa na nini? Kitanda, redio, na picha ya marehemu mumewe ambayo sasa haikuwa na uso.

Basi akawa anapapasa. Vidole vilijua skrubu zote, na mabenchi matano aliyaweka barabara. La sita lilikuwa na taa iliyochoka. Alimwendea Diao, mtunza stoo, mzee wa maneno.

"Diao, nipe taa. Hii imekwisha."

"Hiyo taa ni rika letu, Mama Qu. Mbona sisi hatujabadilishwa?"

"Wewe ungebadilishwa zamani, hakuna stoo ya kukupokea."

Diao alicheka mpaka akakohoa, lakini taa hakutoa, maana hakuwa nayo. Fengzhi akarudi benchi la sita, akafungua moja ya tano, akainama. Hakuona kitu. Akafungua tena kidogo. Akafungua tena, kama anayefungua pazia, mpaka skrubu ilipokaribia kumaliza mzunguko mzima na njano ikawa ya kutosha. Katikati, penye uzi, palikuwa na giza. Ni jicho langu, alijiambia. Giza la katikati alikuwa amelizoea. Mistari je? Mistari ipo, haina pa kwenda. Akadondosha nta, akatia sahihi.

Nasema wazi kwamba hapo alijidanganya, na alijua anajidanganya. Mkono uliozoea moja ya tano hauwezi kuzunguka mzunguko mzima usijue.

Mtihani ulifanyika Alhamisi, theluji ikianguka. Benchi la sita lilimwangukia Piao Shunji, msichana Mkorea kutoka Yanbian, mpole lakini mbishi wa kazi. Jumatatu iliyofuata alikuja maabara macho yamevimba.

"Mwalimu Qu, wanasema nimeghushi."

"Nani anasema?"

"Profesa Geng. Kesho anapeleka jina langu kwa kamati. Nikipatikana na hatia sipewi shahada." Alifuta pua kwa kiganja kama mtoto. "Urefu wa wimbi nimepata sawa kabisa. Ndiyo maana anasema nimenakili jibu la mwaka jana, halafu nikabuni mchoro kuficha kwamba sikupima."

"Ulichora nini?"

"Nilichokiona! Mistari hafifu sana, Mwalimu, mpaka kichwa kiliniuma. Na kwenye uzi, katikati, palikuwa na mstari mweusi. Profesa amecheka mbele ya watu. Amesema katikati njia mbili za mwanga zina urefu sawa, lazima pawe na mwanga, hata mtoto wa sekondari anajua. Mimi pia najua! Lakini palikuwa na giza."

Fengzhi alikaa juu ya kigoda. Mwanya ukipanuliwa mpaka theluthi moja ya milimita na ushei, mistari hufutika yote. Lakini ukizidi kupanua, mabaki hurudi hafifu, na hurudi kinyume: penye mwanga pamekuwa giza, penye giza pamekuwa mwanga. Umbali kati ya mstari na mstari haubadiliki, ndiyo maana jibu lilikuwa sahihi. Alikuwa amewahi kuliona mara moja, zamani, akicheza na skrubu. Nusu milimita. Mzunguko mzima. Giza lile halikuwa la jicho lake peke yake.

"Nenda kale," alisema.

"Mwalimu, wewe unalijua lile benchi kuliko mtu yeyote. Ukisema neno moja tu..."

"Nimesema nenda kale."

Msichana akatoka. Fengzhi alibaki hapo, na kwa saa nzima aliwaza mambo ya aibu. Nta ilikuwa bado mahali pake, na ufunguo wa maabara alikuwa nao yeye. Dakika moja ingetosha kuvunja, kurudisha skrubu na kudondosha nyingine. Nani angejua? Msichana ni mdogo, atapata kazi dukani kwa mjomba. Alifika mpaka kwenye benchi, akaiweka kucha juu ya nta. Alijichukia kwa jinsi kucha ile ilivyokuwa tulivu. Kisha akavaa koti akapanda ngazi kwenda ofisini kwa Geng.

Geng alikuwa mtu wa hesabu, si wa skrubu, lakini hakuwa mbaya. Alishuka naye, wakamwita Shunji kutoka bwaloni, akaja na nusu ya mkate wa mvuke mkononi. Fengzhi akaiwasha taa ya benchi la sita, wakasubiri ichangamke.

"Profesa, nta hii ni yangu? Haijaguswa?"

"Ni yako."

"Tazama penye uzi."

Geng aliinama. Alikaa hivyo kitambo. "Pana... pana weusi. Kidogo sana. Haiwezekani."

"Usiondoe jicho." Aliivunja nta kwa kucha, akaanza kuifunga skrubu polepole.

"Inafifia," Geng alisema. "Sasa hakuna kitu. Njano tu."

"Endelea kutazama." Alizungusha zaidi, akihesabu kwa ncha za vidole, mpaka ikabaki moja ya tano.

Geng alivuta pumzi. "Imekuja. Mwanga umepungua, lakini mistari imekaza kama imechorwa kwa rula. Na katikati pana mwanga." Aliinua kichwa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu hakuhitaji zaidi. "Mwanya ulikuwa wazi mno. Chanzo kipana... bila shaka. Binti, nimekukosea. Karatasi ya kukushtaki kwa kamati nitaifuta leo hii." Shunji aliziba mdomo kwa mkono wenye mkate, akalia.

"Lakini nani aliufungua?" Geng aliuliza.

"Mimi."

"Wewe, Mwalimu Qu? Kwa bahati mbaya?"

Mlango ulikuwa wazi pale wa kusema ndiyo. Geng mwenyewe aliushikilia, akachukua fomu ya benchi akaiweka mezani. "Hata wazee hukosea. Basi tazama sasa, uthibitishe, utie sahihi upya, tuyamalize."

Fengzhi aliinama kwenye darubini. Alilijaribu jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha akatazama kwa pembeni kama kuku. Njano hafifu, na giza katikati. Mistari aliyoipanga mwenyewe sasa hivi, iliyokaza kuliko yote, ilikuwa mbele yake na hakuupata hata mmoja.

"Sioni," alisema.

"Pandisha darubini kidogo."

"Si darubini. Tangu vuli sioni, Profesa. Niliufungua ili niuone mwanga."

Geng aliivuta fomu upande wake taratibu, akaisoma, akalikata jina la Fengzhi. Sahihi ilikuwa lazima iwe ya mtu aliyeiona mistari na kulipima benchi, ndivyo Fengzhi mwenyewe alivyoandika juu ya fomu ile miaka mingi nyuma. Aliyefanya yote mawili kwenye benchi la sita alikuwa Shunji peke yake; Geng akampa kalamu.

"Andika hapa," alimwambia. "Na ule ufunguo, Mwalimu Qu, ukishavaa koti, mwachie yeye."