Gunia Lisilo na Fukusi

Pua yangu imenigombanisha na watu wengi. Mume wangu alikuwa akisema nikiingia peponi nitaanza kwa kunusa ghala la malaika. Basi na anicheke, lakini katika nyumba yake hakuna mtu aliyewahi kuugua kwa chakula nilichokinunua mimi.

Pua hiyo niliipatia Nachingwea, miaka ile ya mashamba makubwa ya karanga. Mume wangu alikuwa kibarua wa kung'oa visiki, na mimi nilipika ugali na kunde nikiwauzia vibarua wenzake. Unga ulikuja kwa magunia, ukipangwa juu ya sakafu ya udongo. Hapo ndipo nilipojua kwamba gunia la chini kabisa si la kununua hata ukibembelezwa, kwa sababu linanyonya unyevu wa ardhi. Muuzaji anageuza upande wenye doa uelekee ukutani, na wewe kazi yako ni kuugeuza utazame kwako. Ukishika unga ukaufumbata, ukifumbua kiganja usambaratike. Ukibaki donge, mwachie mwenyewe. Ukiona nyuzi nyembamba kama za buibui, wadudu wameshazaana humo. Na kunde, hizo tunazitia kwenye maji, zenye matundu zinaelea, hazina siri.

Kazi ya karanga ilipopungua na vibarua wakaachishwa, tulirudi kwetu Ruangwa kulima. Haya ninayoyasimulia yalitokea baada ya hapo, mwaka ambao mvua zilichelewa kukatika. Watu walivuna mahindi yakiwa bado mabichi, na jua lenyewe likawa la kubabaisha.

Mwaka huo mwanangu wa kwanza aliingia jandoni. Asiyejua mambo yetu nimweleze kidogo: watoto wanakaa kumbini, porini, miezi, na mama haruhusiwi kukanyaga huko. Unapika nyumbani, mwanamume anakuja kuchukua chakula. Watoto wanakula pamoja, sinia moja, kwa hiyo chakula kibaya cha nyumba moja ni chakula kibaya cha watoto wote. Na mama hana la kufanya ila kungoja. Mimi si mtu wa kungoja. Miezi ile nilikonda nusu yangu.

Akiba ya mahindi tuliyowatengea watoto wa kumbini ikaanza kupungua kabla hawajatoka. Wazazi tukachanga, na mjomba wangu, kaka wa mama yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye kumbi, akatumwa sokoni Ruangwa kununua. Akaniita nifuatane naye.

"Njoo na hiyo pua yako," alisema, "lakini mdomo uuache nyumbani."

Pua nilikwenda nayo. Mdomo nao ulinifuata.

Sokoni asubuhi ile palikuwa na wauzaji wawili tu wa mahindi. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mtu mzima, mahindi yake yamejaa fukusi. Ukitia mkono wanapanda mpaka kwenye kiwiko, na vumbi la unga limejaa kwenye mshono wa gunia. Wa pili alikuwa mwanamume wa Chinongwe, amekuja na gunia lake juu ya baiskeli, na mahindi yake meupe, safi, hayana mdudu hata mmoja. Mjomba alipoyaona tu uso wake ukang'aa.

Sasa shida ilikuwa hii. Yule mwanamume wa Chinongwe alikuwa mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Tukikutana lazima tutukanane, na anayekasirika ndiye mjinga. Msibani anaweza kulala kwenye kaburi akidai apewe kuku, na mfiwa atacheka na machozi yake.

"Alaa! Walafi wamefika," akaanza aliponiona. "Ficheni magunia, huyu anakula na kamba zake."

"Wewe nyamaza," nikamjibu. "Panya wamehama Chinongwe kwa kukuogopa wewe na chungu chako."

Watu wakacheka, soko likachangamka. Mjomba akaazima bambo kwa mwenye duka la jirani. Ni kile chuma chenye mfereji wanachochomea gunia ili punje zitoke bila kulifungua. Akachoma pembeni mara kadhaa. Punje zikamiminika kiganjani, kavu na safi. Akauma moja, ikalia ka! Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mimi nikafungua mdomo wa gunia nikazamisha mkono. Juu palikuwa sawa. Nikashuka. Kiwiko kilipopita nikahisi joto. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, gunia liko kivulini, joto latoka wapi? Mahindi makavu ni ya baridi ndani, yakipata joto ujue yamefungwa na unyevu wake na yanachemka yenyewe. Bambo la mjomba lilikuwa fupi, halikufika huko. Nikavuta konzi moja kutoka katikati. Punje zilikuwa zimeshikana. Nikapasua moja kwa kucha: kwenye kiini, pale penye ncha, pana rangi ya kijivu inayoelekea ukijani. Nikanusa. Harufu ya nyumba iliyofungwa masika yote. Nikatafuna, uchungu ukanipanda mpaka masikioni, nikatema.

"Mjomba, haya yameoza!" nikapaza sauti. "Yana ukungu ndani! Huyu anataka kutuulia watoto!"

Soko zima likaangua kicheko.

"Msikieni!" mtani wangu akasema huku akijipiga mapaja. "Ndiyo, nimeyafukua kaburini kwa babu yake. Ndiyo maana anaijua harufu!"

Wakacheka zaidi. Mama wa mahindi ya fukusi naye alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Mjomba wangu alikuwa akifuta machozi kwa cheko, na mkono wake mwingine tayari uko kwenye fundo la hela.

"Mjomba, leo sitanii."

Heri nisingesema. Hivyo ndivyo anavyosema kila mtani. Mtu akasema hewani, "Hata shetani akitania huapa!" na kicheko kikaanza upya. Nilihisi hofu ambayo sijawahi kuihisi. Nilikuwa nasema kweli mbele ya watu wazima wenye akili zao, na kadiri nilivyoipigia kelele ndivyo walivyozidi kuiona mchezo. Mwanangu yuko porini, hawezi hata kuniita, na mjomba anafungua fundo.

Ndipo nikanyamaza. Nikatandaza pembe ya khanga yangu, nikaweka zile punje zilizoshikana, nikapiga magoti mbele ya mjomba na kumnyooshea bila kumtazama usoni, kama mpwa anayemletea mjomba wake habari ya msiba. Mtu hatanii akiwa amepiga magoti mbele ya mjomba wake. Kicheko kikapungua hapa, kikakoma pale. Mjomba akachukua punje, akanusa.

"Mtani," akamwambia yule bwana kwa upole, "hebu tafuna wewe."

Yule bwana akachukua konzi kutoka kwenye khanga yangu. Akatafuna. Mimi nilimkodolea macho nikingojea akunje uso. Hakukunja. Akatafuna taratibu, akameza.

"Mbona matamu," akasema, na akajaribu kucheka.

Lakini mjomba alikuwa ameshaitia ulimini punje yake. Akatema, akaomba mkeka, wakalimimina gunia. Katikati palikuwa na mabonge makubwa kama kichwa cha mtoto, ya kijivu. Hakuna aliyecheka tena. Mmoja akasema kwamba ndiyo maana hata fukusi hawakuingia, nami nikaona si wakati wa kumsahihisha kwamba fukusi hawakimbii ukungu.

Tukanunua mahindi ya yule mama, pamoja na fukusi wake. Mjomba alinung'unika, nikamwambia, "Mjomba, mdudu unamwanika, unampeta, anakwenda zake. Ukungu hauoshwi." Tuliyaanika siku nzima, tukayapeta, tukayaosha. Yalipungua, lakini watoto waliyala na hakuna aliyeumwa tumbo.

Kabla hatujaondoka, mjomba alipokwenda kutafuta wabebaji, nilimwona mtani wangu amechuchumaa peke yake, anarudisha mahindi guniani. Anazoa na yale mabonge. Anazoa hata zilizodondoka mchangani. Nilikuwa na hasira ya kumpasua. Nikamwendea.

"Umemeza," nikamwambia.

"Nimemeza."

"Yana uchungu wa nyongo, na umemeza bila kukunja hata jicho. Ulijua!"

Hakuinua uso. "Nimeyazoea, dada," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita dada. "Ndiyo tunayokula nyumbani tangu mwezi uliopita. Yote yako hivi. Mke wangu aliyaanika machache tu yaliyotosha kwenye mkeka, hayo ndiyo tuliyoweka pembeni na juu. Nilisema nikiyauza haya nitawanunulia watoto hata kunde. Mdogo tumbo limevimba, hacheki tena."

Nitasema ukweli, hasira haikunitoka. Alitaka watoto wetu wale sumu ili wake waache kuila. Ningeweza kumtemea mate. Lakini nilikuwa mama ambaye kwa miezi hiyo alijua ni nini kuhofia sahani ya mtoto, na mate hayo nikayameza. Nikatafuta tusi la kumtukana, jambo ambalo silikosi, na sikulipata.

Kumwambia "njoo nikupe" nisingeweza. Mtu mzima, mbele ya soko lililokwisha kumwona, angekwenda kujinyonga. Lakini utani una mlango mwingine. Mtani akiingia kwako akachukua kitu, kuku au jembe, si mwizi na si ombaomba. Ni haki yake. Wewe kazi yako ni kupiga kelele tu.

"Kesho naanika mahindi yangu uani," nikamwambia. "Ole wako nikukute pale, mwizi wee."

Ndipo alipoinua uso akanitazama.

Alikuja kabla jua halijawa kali, na baiskeli na gunia tupu. Nilikuwa nimeanika akiba yangu yote ya nyumbani kwenye mikeka, mahindi na kunde, na nilikuwa nimezichambua kunde mwenyewe usiku. Majirani walipomwona wakatoka nje, maana utani hauangaliwi peke yako. Akainama akaanza kujaza gunia kwa mikono miwili, akiimba kwamba ukoo wetu ni wa watu wachoyo wanaolala juu ya chakula. Watu wakashangilia. Mume wangu alikuwa ameketi barazani, hajui lolote, anacheka mpaka anakohoa, huku chakula chake cha miezi kinaondoka.

Nami nikakimbia nikizunguka mkeka na mwiko mkononi, nikipiga kelele, "Mwizi! Mwizi wa Chinongwe! Mshikeni!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka, kwa sababu ningenyamaza hata kidogo, wangeniona nalia.