Nilimforwadia dada yangu salamu ya mwaka mpya akahama group. Mwaka huu nimeandika ya kwangu

Wakuu, amani kwenu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na sehemu niliyokosea nitaisema ilivyo.

Naishi Buffalo, nafanya kazi warehouse. Mama na mdogo wangu Josué wako Louisville. Dada yangu mkubwa, ambaye sisi wa Kivu tunamwita Yaya, yuko Westerville, kule Columbus. Tukiongeza wajomba, shangazi na watoto wao, group letu la WhatsApp lina watu ishirini na sita.

Mwaka jana, tarehe moja Januari, nilikuwa nimechoka na shift. Nikachukua ujumbe uliotoka group la kanisa, wenye maua na mishumaa, nikauforwadi bila kuusoma hadi mwisho. Ulisema: "Mungu amekuvusha wewe na nyumba yako yote bila kupungua. Tuma kwa watu kumi."

Miezi minne kabla, Yaya alikuwa amemzika mume wake, Daniel.

Aliusoma. Jioni akatoka kwenye group. Nilipopiga simu alisema yuko kazini. Pasaka hakuja Louisville. Josué ndiye aliyenifungua macho:

"Kaka, eti bila kupungua! Kiti ya Daniel iko tupu pale, na weye unamuambia bila kupungua? Hata mashine ingeuliza kwanza."

Nilimwomba Yaya msamaha kwa simu. Akasema, "Bon, imepita." Haikuwa imepita.

Desemba iliyopita nikanunua daftari la kuandikia salamu yangu mwenyewe. Kila nyumba nikaipa mstari mmoja: jambo moja la mwaka huu nililoliona au kulisikia mwenyewe.

Rasimu ya kwanza ilikuwa mbaya. Fulani kanunua nyumba, fulani kamaliza college. Ilisomeka kama ripoti ya kampuni, na mjomba aliyepunguzwa kazi hakuwa na mahali pa kusimama. Nikaifuta. Nikatafuta mambo madogo: mjomba huyo ndiye aliyempeleka Mama hospitali kila Jumanne.

Kisha nikapiga simu kuomba ruhusa, maana habari ya mtu ina mwenyewe. Mke wa Josué ni mjamzito. (Sasa wamekwishatangaza, ndiyo maana naandika.) Josué akasema, "Hapana kaka, ile wacha kwanza." Nikaacha.

Nikafika kwa Yaya. Mstari mtupu.

Wakuu, nilikaa na kalamu nikagundua sijui chochote kuhusu mwaka mzima wa dada yangu. Ningeweza kuandika "Mungu akutie nguvu", lakini hilo ni lile lile la maua na mishumaa.

Jumamosi nikaendesha mwendo wa saa tano hadi Columbus. Alifungua mlango akanitazama.

"Leo umekuja mwenyewe, ao umejiforwadi?"

"Nimekuja mwenyewe, Yaya."

"Basi vua viatu."

Tulikunywa chai. Sukari ikaisha. Akachukua funguo za gari la Daniel, akasema, "Twende." Nilisimama. Nijuavyo mimi, Yaya hakuwahi kuendesha gari maisha yake yote. Daniel ndiye aliyempeleka kila mahali.

"Nilijifunza," akasema. "Donc, ningefika kazini na miguu?"

Anatunza wazee, shift inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Njiani nikamuuliza kama naweza kuandika hilo.

"Andika. Lakini sema nilianguka mtihani mara mbili, kwa ile ya kupita katikati ya koni. Usinifanye malaika." Akasimama kwenye taa nyekundu. "Na Daniel umutaje kwa jina. Watu wanaogopa kumutaja, kama vile hakukuwa."

Tarehe moja nilituma. Orodha ilianza na Mama, kisha wote kwa umri. Mama hasomi, kwa hiyo nilimrekodia kwa sauti yangu. Mstari wa Yaya nilimtumia yeye kwanza, auone kabla ya wengine:

"Yaya, mwaka huu umejifunza kuendesha gari la Daniel wetu, tunayemkumbuka. Ulianguka mara mbili, ukarudi mara ya tatu. Mimi nilikaa kiti cha abiria na sikuogopa."

Jibu lilikuja baada ya dakika ishirini: "Uliogopa. Ulishika mlango. Nirudishe kwa group."

Nikamrudisha. Shangazi mmoja akaandika, "Daniel angecheka sana," na watu wakaanza kumsimulia Daniel hadi mchana, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu mazishi.

Nilichojifunza: salamu ya mwaka inataka ujue mwaka wa mtu. Kama mstari wake ni mtupu, mpigie kwanza au mwendee, ndipo uandike.

Ninyi mnaandikaje kwa nyumba iliyofiwa? Wengine wananiambia marehemu asitajwe kwenye salamu ya furaha. Semeni, nasoma zote.