Siku Tuliyotetea Dini Kabiro

Juzi nilikuwa na shughuli Kawangware. Nikipita Kabiro nilisikia kengele ndogo ikilia ndani ya shule fulani, kisha sauti ya mtoto, nyembamba, ikisema, "Waheshimiwa waamuzi." Nilisimama kando ya mama anayeuza viazi karai, nikanunua nisivyovihitaji, ili tu nipate sababu ya kusimama. Ikiwa uliwahi kuogopa sana utotoni, rafiki yangu, unajua kwamba woga haukui. Hubaki na umri ule ule uliokuwa nao siku hiyo.

Tulikuwa tunaishi kijiji cha Raila, huko Kibera, mimi na nyanya yangu, ambaye sisi Wakamba humwita susu. Ilikuwa miezi ya kampeni. Asubuhi kulinukia moshi wa makaa na mandazi, lakini kufikia mchana magari ya vipaza sauti yalikuwa yameanza, na watu wazima walikuwa wakipunguza sauti kila mtoto akipita. Susu alianza kuweka unga wa akiba chini ya kitanda. Alikuwa akichagua mawe kwenye muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, na kuniambia, bila kuinua macho, "Ulimi hauna mfupa. Usiseme habari za watu huko nje."

Ni katika majuma hayo ambapo mwalimu wa historia alituletea hoja ya mdahalo: Vita vya Msalaba vilisukumwa zaidi na dini kuliko siasa. Sisi tungeunga mkono. Wapinzani walikuwa shule moja ya Kawangware, na tungewafuata kwao, Kabiro. Alinichagua mimi niwe msemaji wa kwanza, na wa pili awe rafiki yangu, msichana wa Kinubi ambaye mlango wao ulitazamana na wetu. Mama yake alipika gurusa, zile chapati zao laini, na sahani yangu ilikuwepo hata siku ambazo sikualikwa.

Susu aliposikia, aliacha kuchagua mawe. "Dini na siasa," akasema. "Mwalimu wenu hana mambo mengine?"

Mwalimu alitufundisha kwamba mdahalo wote ulikaa ndani ya neno moja: zaidi. "Hamhitaji kusema siasa haikuwepo," alisema. "Ilikuwepo. Mfalme mkuu wa Konstantinopoli aliomba askari kwa sababu Waturuki walikuwa wamemnyang'anya nchi. Papa naye alitaka wafalme wamtii. Wapinzani watayasema hayo yote, na ni kweli. Ninyi onyesheni kwamba bila dini maelfu ya watu wale wasingeondoka kwao." Basi tukakusanya hoja zetu. Papa aliposimama Clermont mwaka 1095, aliahidi kwamba safari hiyo ingehesabiwa kuwa toba. Watu wakashona misalaba kwenye nguo zao. Wengi waliuza mashamba au kuyaweka rehani ili wapate nauli, na waliobaki hai wengi walirudi makwao, kwa hiyo si rahisi kusema walifuata ardhi tu.

Nilikariri nikichota maji, nikiosha vyombo. Jioni moja nilimsomea rafiki yangu mlangoni pao. Nilipofika kwenye maneno "waliikomboa Yerusalemu," akaniinulia kidole.

"Kuikomboa kutoka kwa nani? Si kulikuwa na watu wanaishi hapo?"

"Hivyo ndivyo wao walivyosema."

"Sawa, basi sema ni wao walisema. Wewe sema waliiteka."

Nilibadilisha. Lakini kutoka hapo kila neno katika hotuba ile lilianza kunitisha.

Siku ya mdahalo tulitembea na mwalimu na wanafunzi wenzetu hadi Kabiro. Ukumbi ulijaa wanafunzi, na kwa sababu mkutano wa kampeni ulikuwa umemalizika karibu, vijana wengine waliingia wakajibanza nyuma, filimbi zikiwa shingoni. Kengele ikalia. Nikasimama. Nikaeleza ahadi ya Papa, na jinsi inavyosimuliwa kwamba umati ulijibu kwa kelele, "Mungu ataka hivyo!"

Wale wa nyuma wakairudia. Kwanza ilikuwa mzaha. Kisha wakaanza kugonga mabenchi, "Mungu ataka! Mungu ataka!" na mzaha ukatoka sautini mwao. Rafiki yangu alivuta hijabu yake karibu na kidevu. Mikono yangu ilikuwa baridi kama ya mtu anayeosha nguo asubuhi ya Julai. Nilimwaza susu na unga wake. Niliwaza kukaa chini.

Badala yake nikasema, polepole, "Waliopiga kelele hiyo, baadhi yao, kabla hata ya kuondoka Ulaya, waliwaua Wayahudi waliokuwa majirani zao kando ya mto Rhine. Na wengine walipoiteka Yerusalemu, waliwaua Waislamu na Wayahudi waliokuwemo, hata waliokimbilia mahali pa ibada. Ndiyo maana tunasema ni dini. Hatuisifu. Tunasema waliamini, na tuyatazame waliyofanya wakiamini."

Mabenchi yakanyamaza.

Mvulana wa upande wa pili akaomba swali. Alikuwa mpole na hodari. "Mwaka 1204 waliiteka na kuipora Konstantinopoli, mji wa Wakristo. Papa alikuwa amewakataza kuwapiga Wakristo. Walikuwa na deni la merikebu kwa Venisi, na mwana wa mfalme aliyepinduliwa wa mji huo aliwaahidi malipo wakimrudishia babake kiti. Hapo dini iko wapi?"

Rafiki yangu akasimama zamu yake ilipofika, akalichukua swali hilo.

"Wewe manzi, uko upande gani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Upande wa kuunga mkono hoja," akajibu, kisha akamgeukia yule mvulana. "Deni ni kweli. Kiti ni kweli. Lakini askari wengi walisita, na viongozi wakawahitaji makasisi wawaambie kwamba Wagiriki wa mji ule wameasi Kanisa, kwa hiyo vita ni vya haki. Mwanasiasa akishindwa kuwainua watu bila dini, basi kinachowainua ni dini."

"Na anayewaelekeza pa kwenda?" yule mvulana akauliza.

Kengele ikalia.

Tulishindwa kwa alama chache. Mwamuzi mkuu alisema tulieleza vizuri kwa nini watu waliondoka, na wenzetu wakaeleza vizuri zaidi nani aliamua waende wapi. Sikuhuzunika. Nilitaka tu tufike nyumbani. Mwalimu alituweka katikati ya kundi, mimi na rafiki yangu tumeshikana mikono, na kila kijana mwenye filimbi alipotupita tulizidi kukaza vidole. Hakuna aliyetugusa.

Pale Olympic, tukikaribia nyumbani, tuliwakuta susu na mama wa rafiki yangu, wamesimama pamoja kando ya barabara, leso zimefungwa kiunoni. Walikuwa wamesikia kulikuwa na kelele Kabiro. Susu hakunigusa mimi kwanza. Alimshika rafiki yangu uso kwa mikono yote miwili, akamkagua kama anayekagua mtoto aliyeanguka, ndipo akanigeukia. "Twendeni mkale," akasema.

Susu amelala kaburini Kitui sasa. Nyumba zetu mbili zilibomolewa, na majirani wetu wote wakatawanyika. Rafiki yangu alihamia mbali. Tunatumiana salamu za Idi na Krismasi, na zinazidi kufupika. Ninapoishi leo pana geti na mlinzi, na jirani yangu simjui jina. Kampeni zikirudi huwa nafunga madirisha na kusikiliza vipaza sauti vikipita. Zamani niliogopa na watu wengine. Siku hizi naogopa peke yangu.