Barua ya Kuomba Kushuka Shimoni

Mimi ni mwoga tangu utoto, na sioni haya kulisema. Nilimwogopa ng'ombe dume, nikaogopa radi, nikaogopa hata kisima cha jirani yetu pale Samuye ambacho kila mtoto alikuwa akichungulia ndani na kupiga kelele asikie mwangwi. Kwa hiyo nilipomaliza chuo kikuu nikiwa na shahada ya jiolojia, wajomba zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kazi ya mwoga, walisema, ni ukarani wa pamba Shinyanga mjini.

Hawakucheka kwa ubaya. Walijua kwamba baba yangu alifukiwa na kifusi katika duara, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, huko Nyarugusu, kabla sijaanza shule. Wachimbaji wenzake walichimba siku nzima kumtafuta, wakampata akiwa ameketi kama mtu anayepumzika. Mama alirudi kwao Samuye, akashika jembe, na neno dhahabu halikutamkwa tena nyumbani kwetu.

Miaka ya themanini ilikuwa inakaribia kwisha nilipoona tangazo gazetini. Kampuni ya utafutaji madini ilitaka mwanajiolojia wa kufanya kazi porini, ukanda wa Geita. Barua iandikwe kwa mkono, walisema, pamoja na nakala za vyeti na majina ya wadhamini wawili. Nafasi ilikuwa moja. Nilikuwa nimekaa nyumbani miezi mingi nikila ugali wa mama kwa aibu, na kila nilipopishana na mtu njiani aliniuliza kama nimepata kazi.

Mwalimu wangu wa chuo alikuwa ametuonya kwamba waajiri hawapendi maneno matamu. Andikeni mlichofanya kwa mikono yenu, alisema. Basi niliandika kwamba nimechora ramani ya miamba nikitembea kwa dira, kwamba najua kusoma vipande vya miamba vinavyotolewa na mashine ya kuchoronga, kwamba naweza kusimamia vibarua na kuendesha Landrova. Mwishoni, kwa kuwa tangazo lilisema kazi ni ya kupima mashimo ya majaribio, nikaandika kwamba niko tayari kushuka shimo lolote.

Mama hakujua kusoma, na barua yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Jioni aliniambia nimsomee. Nikamgeuzia kwa Kisukuma, sentensi baada ya sentensi, naye akachambua mchicha bila kuinua uso. Nilipofika pale mwisho alisimamisha mikono.

"Shimo lolote, ng'wanone, mwanangu?"

"Ndivyo wanavyoandika watu, mama. Wakiona nachagua watachukua mwingine."

"Baba yako naye hakuwa mtu wa kuchagua."

Akarudia mchicha wake. Nilikaa na ile barua mpaka koroboi ikaanza kufuka moshi, kisha nikachukua karatasi nyingine nikaandika upya: niko tayari kushuka shimo ambalo nimelikagua mwenyewe na kuliona salama. Kesho yake nilipoitumbukiza pale posta ya Shinyanga, nilijuta. Nilitamani kuingiza mkono niitoe. Nani amwajiri kijana asiye na hata siku moja ya kazi anayeanza kwa kuweka masharti?

Waliniita kwa usaili. Nikapanda lori la pamba hadi Kahama, jingine hadi Geita, na gari la kampuni likanichukua mpaka kambini, mahema machache si mbali na Nyarugusu. Usiku ule mvua ilinyesha. Sikulala, nilisikiliza maji yakipiga turubai nikijua yanaingia ardhini.

Asubuhi mkuu wa wanajiolojia, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipokea shikamoo yangu akiwa ameshika barua yangu mkononi.

"Umeandika hapa utakagua mwenyewe," alisema. "Wenzako wote wameandika wako tayari kwa lolote. Haya, twende ukakague."

Sikujua kama ananicheka. Tulifika kwenye shimo la majaribio la mraba, lenye kina cha kama mara tatu ya urefu wangu, na winchi ya miti juu yake. Vibarua wanne walisimama wakinitazama viatu. Kazi niliyopewa ni kushuka, kueleza tabaka za ukuta kuanzia juu mpaka chini, kisha kuchukua sampuli.

Nilipiga magoti pembeni ili wasione hofu usoni mwangu, na macho yalipokaribia ardhi ndipo nikaona. Udongo wote uliochimbwa ulikuwa umerundikwa ukingoni kabisa, umelowa, mzito, na kati ya rundo na mdomo wa shimo kulikuwa na ufa mwembamba uliofuata ukingo. Shimo lilikuwa linaelemewa.

Nilisimama. Nikasema sishuki mpaka udongo usogezwe mbali, ukingo uliopasuka ukatwe, na upande ule uwekwe mbao na nguzo.

"Jana tumeshuka hapa hapa," alisema kibarua mmoja. "Msomi anaogopa."

"Naogopa," nikamjibu.

Nilimtazama mkuu nikiwa na hakika kwamba nauli ya kurudi Samuye ndiyo inayofuata. Yeye akatazama ufa, akatazama barua, akawaambia watu wachukue koleo. Kazi ile ilituchukua hadi mchana. Nami nilikuwa nikibeba udongo pamoja nao, kwa sababu kusimama tu kulinizidishia hofu.

Kisha sikuwa tena na kisingizio. Nilifungwa kamba kiunoni nikashushwa. Chini kulikuwa na baridi na harufu ya udongo mbichi, na mbingu ilikuwa kipande kidogo cha mraba. Nilimwona baba ameketi, waziwazi kabisa, na nikaanza kusema kwa sauti kila nilichokiona ukutani ili nisimwone: udongo mwekundu, kokoto za chuma, mfinyanzi wenye madoa, mwamba uliooza, mshipa wa jiwe jeupe. Nikatandika turubai, nikakata mfereji ukutani nikianzia chini kwenda juu, maana ukianzia juu vumbi linaangukia sehemu ambayo hujaichukua na kuharibu sampuli. Kila mfuko nikautia namba.

Nilipotolewa, mkuu aliifunga mifuko yangu mwenyewe.

"Kazi umepata," alisema. "Na kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajashuka, utapita mashimo yote. Usiposema sawa, hawashuki."

Nilirudi Samuye kuchukua nguo zangu, nikikimbia karibu njia nzima kutoka barabarani. Nilimkuta mama akipura mtama uani. Nikamweleza yote: rundo, ufa, mbao, vibarua walionicheka kisha wakaanza kuniita bwana mkaguzi. Nilijivuna, sifichi. Nilidhani nimemletea dawa ya kidonda chake, kwamba sasa kuna mtu wa kuwaangalia waume za wenzake, na mtu huyo ni mwanawe.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Akaweka mti wa kupuria chini, akanifuta udongo uliokuwa umenigandia shingoni.

"Wao unawaangalia wewe," alisema. "Na wewe ukiwa chini, nani yuko juu?"

Nilifungua mdomo nikamtaja mkuu, nikawataja vibarua, nikaitaja kamba. Kila nilipotaja aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama anavyomwitikia mgeni. Kisha akaingia ndani kunifungia nguo za safari.