Bartolomayo na Kigoda cha Mtemi

Mume wangu Bartolomayo alikuwa hapangi viatu vyake mlangoni, lakini viti vya watu alivipanga hata usingizini. Mara nyingi nilimsikia akinong'ona, "Kulia, kushoto, kulia," nikajua anakalisha wageni.

Alikuwa karani mdogo wa boma hapa Dodoma, miaka ile reli ilipokuwa bado mpya na watoto wakiikimbilia treni kama ng'ombe aliyepotea akarudi. Mwezi huo Bwana Mkubwa wa boma, Mdachi wa Ujerumani mwenye masharubu ya kuchongwa, alimwita akamkabidhi Siku ya Kaisari. Yaani sherehe ya kuzaliwa mfalme wao, inayoangukia mwezi wa kwanza mvua zikiwa zimeshika. Mwaka huo mgeni mkubwa angekuja kwa treni kutoka Dar es Salaam.

"Mgeni mmoja akikaa pasipo pake," Bwana Mkubwa alimwambia, "utarudi Kilimatinde."

Kilimatinde, kwenye boma la zamani alikotoka, ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Hana wetu alikuwa na miezi mitano, na mama mkwe wangu alikuwa hawezi kubaki peke yake. Bartolomayo angekwenda peke yake, nasi tungebaki. Nilimtazama mtoto anavyomshika baba yake kidole.

Basi akaanza kazi. Kadi za mwaliko zilikuwa za namna tatu. Zenye ukingo mwekundu zilikuwa za Wazungu wa serikali, wamisionari na wahandisi wa reli. Hao watakaa chini ya turubai. Za ukingo wa buluu zilikuwa za watemi, maakida na wafanyabiashara Wahindi na Waarabu; hao watakaa pembeni mwa turubai, watemi kulia, wengine kushoto. Karatasi tupu zilikuwa za majumbe wa vijiji, watakaokaa kwenye mabenchi nyuma. Kila kiti kiliwekewa kipande cha karatasi chenye jina, na asiye na jina hapo hakai, hata kiti kikiwa kitupu.

"Na kiti cha katikati?" nilimuuliza.

"Cha mgeni. Bwana Mkubwa kushoto kwake, ili mgeni awe kulia kwa mwenyeji. Kulia ndiyo heshima, Mama Hana."

"Na kufika?"

"Wadogo kwanza. Majumbe saa mbili, wenye kadi za buluu saa tatu, wa nyekundu saa nne, Bwana Mkubwa baada yao. Mgeni wa mwisho kabisa, saa tano, watu wote wamekwisha kaa. Mkubwa hasubiri mtu."

Mimi nilisoma shule ya misheni hadi nikaweza kusoma Injili na kuandika jina langu, na kwa hayo nilimsaidia kuandika karatasi. Nilipofika jina la Mtemi Mahelela, mwenye nchi yetu na mwenye kuita mvua, kitu kikanichoma kidogo moyoni. Sikujua ni nini. Niliandika nikapita.

Asubuhi ya siku yenyewe, jua halijatoka vizuri, jirani yangu Batuli alikuja mbio. Ni Mrangi wa Kondoa, anauza maandazi stesheni, na mdomo wake haufungwi.

"Mama Hana! Amka! Mtemi wenu kakaa kiti cha Kaisari!"

"Kiti gani?"

"Si kiti. Kaweka kigoda chake katikati kabisa, chini ya turubai, kiti cha mgeni kakisogeza kwa mguu kama anafukuza kuku!"

Nilimfunga Hana mgongoni, nikafuata. Kumbe ni kweli. Mtemi Mahelela alikaa kimya, fimbo mkononi, akitazama reli. Nyuma yake watu wasiopungua mia mbili, wamekaa chini, wamependeza, shanga na mafuta yakimeta. Bartolomayo alikuwa amesimama mbele yake, jasho linamtiririka.

Hapo ndipo nilipojua kilichonichoma. Kwetu mwenye nyumba hafiki nyuma ya mgeni yeyote. Mtemi alikuwa amekuja kupokea mgeni kwenye nchi yake, na kufika wa kwanza ndiyo ukubwa. Orodha ya boma ilikuwa imeupindua ukubwa huo. Na sisi Wagogo wawili, mimi na mume wangu, tuliandika bila kukumbuka!

Shaushi Halfani, mkubwa wa askari, alikuja na vijana wake. "Karani, mwambie mzee ainuke. Au nimwinue mimi?"

"Ukimwinua," Bartolomayo alisema kwa sauti ndogo, "hawa wote wataondoka. Mtemi akiinuka kigodani, baraza limekwisha. Mgeni atashuka kwenye treni akute mbuzi wawili na Batuli."

"Mimi nitamuuzia maandazi," Batuli akasema.

Shaushi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Basi tufanyeje? Bwana Mkubwa atatupeleka sote Kilimatinde."

Nilitazama turubai. Nguzo sita, kamba, vigingi. Nikatazama viti, kila kimoja na karatasi yake. Nikamsogelea mume wangu.

"Baba Hana, kiti cha mtemi kwenye mpango wako kiko wapi?"

"Cha kwanza kulia, kinapakana na turubai."

"Basi yeye keshakaa. Turubai ndilo halijakaa. Lisogezeni kushoto."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyenusurika kuzama.

Askari waling'oa vigingi. Turubai likatembea hatua nane kama mdudu mwenye miguu sita. Sisi wanawake tulibeba viti, nami nikisoma majina kwa sauti ili safu isivurugike, "Mhandisi! Padri! Daktari!" na Batuli akiitikia kila jina, "Yupo!" Zulia jekundu likafuata, na mabenchi pia. Majumbe walipofika saa mbili, walikuta Mtemi Mahelela yuko pale pale, ila sasa yuko kulia kwa turubai, kiti cha kwanza.

Ilibaki jambo moja. Mgeni akifika, watu wote husimama. Bartolomayo alipiga goti, akamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, Mtemi. Mgeni akishuka, watu watasimama. Nawe je?"

Mzee akajibu, "Mjukuu wangu, nimekuona asubuhi nzima unahamisha nyumba ili usinihamishe mimi." Akatabasamu. "Fimbo yangu ikilala kigodani, mimi sijaondoka. Nitasimama."

Na ndivyo ilivyokuwa. Saa tano treni ilipiga honi, tarumbeta zikalia, watu wote wakasimama, na mzee akasimama, fimbo yake imelala kigodani. Mgeni alipita kwenye zulia. Alipofika kwa mtemi, Bwana Mkubwa alimnong'oneza kitu, na mgeni akavua kofia.

Hotuba zilikuwa ndefu. Matone yakaanza. Mtemi Mahelela akatazama juu, akachukua fimbo yake, na watu mia mbili wakainuka kama mtu mmoja wakicheza kuelekea nyumbani. Wazungu nao wakaona sherehe imekwisha, wakapiga makofi.

Bwana Mkubwa alimwita Bartolomayo mvuani. Mimi nilisimama mbali, nimemfunika Hana kwa khanga.

"Nani alisogeza turubai langu?"

"Mimi, Bwana. Mtemi alikuwa ametangulia kufika."

Alipangusa masharubu yaliyokuwa yakidondosha maji. "Mwakani, kwenye orodha, uandike hivi: Mtemi Mahelela, wa kwanza kufika."

Bartolomayo alirudi kwangu amelowa, akamchukua mtoto.

"Amesema niandike mwakani," aliniambia. "Mwakani, Mama Hana! Hapa hapa."