Flashi Nyekundu za Dorotea Malimi

Dorotea Malimi hana haraka. Anatembea polepole, anakula polepole, na ukimuuliza jambo atatafuna kwanza karanga tatu ndipo akujibu. Miaka sita nimefanya naye kazi katika hospitali moja binafsi huku Nyakato, mimi masjala, yeye kwenye kompyuta, na mara nyingi nimetamani kumtikisa mabega. Kwao ni Misungwi, kwa wafugaji, na leo ndiye anayeshika mifumo yetu yote. Wengine humwona mpole. Mimi humwogopa kidogo, maana hasahau hesabu.

Niseme mapema jambo ambalo kazini sikuwahi kulisema. Hospitali yetu ina kliniki ya CTC, wanakochukua dawa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na orodha yao ina watu elfu mbili na ushee. Mimi nimo. Anayejua ni Sista Wilhelmina anayenipa dawa, basi. Kaka zangu wa Igogo hawajui, na Dorotea hakujua. Watu wakisema "data imevuja", wenzangu husikia maneno ya semina. Mimi husikia jina langu.

Mwaka jana orodha ya wagonjwa wa kituo kingine, sitakitaja, ilizagaa kwenye makundi ya WhatsApp. Mganga mfawidhi wetu, Daktari Mihayo, akaamuru kompyuta zote zikatae flashi. Dorotea akafunga Jumatatu, na usiku ule nililala kama mtoto aliyeshiba.

Kufika Jumatano kazi ilikuwa imekwama. Mashine ya damu ya maabara haiko kwenye mtandao, majibu yake hutolewa kwa flashi. Wilhelmina naye alikuwa anakwenda Ukerewe kuhudumia wagonjwa arobaini mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha, na orodha yao ikagoma kutoka. Akatoa simu yake, akaipiga skrini picha, akaondoka. Dorotea alimwona.

"Dada Najat, mlango nimefunga, watu wanapitia dirishani," aliniambia. "Na huko dirishani mimi sioni kitu."

Basi akaanza upya. Wiki mbili mfumo haukuzuia chochote, ulitazama tu na kuandika nani ananakili nini. Mimi wiki mbili hizo sikulala. Kisha akaweka masharti. Flashi ishirini nyekundu za hospitali ziruhusiwe, nyingine zikataliwe. Faili lenye wagonjwa zaidi ya thelathini lisiende kwenye flashi, isipokuwa Daktari ameidhinisha, kama lile la Wilhelmina. Maabara wapewe flashi moja kwa kompyuta moja. Kazi ikaenda, na watu wakaacha kumnunia.

Ila alifanya kosa moja. Zile flashi zilinunuliwa siku moja, duka moja pale Makoroboi, za aina moja. Kila flashi ina namba yake ndani, na alipaswa kuzisajili moja moja. Lakini siku ile walikuwa wanapokea mahari ya mdogo wake Misungwi, na gari lilikuwa linamngoja nje. Akauambia mfumo ukubali flashi yoyote ya aina ile, namba akaziandika kwenye daftari lake tu. Haraka haraka haina baraka, na huyu mwenzangu, katika miaka sita, aliharakisha siku hiyo moja.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, mchana, aliingia masjala mikono mitupu, bila karanga. Nikajua kuna jambo.

"Elias yuko wapi?"

Elias alikuwa karani wetu wa muda, kijana mwenye heshima, shikamoo zake haziishi. Nikamwambia ametoka kwenda kula.

"Amenakili mafaili kumi na moja," Dorotea akasema. "Kila moja lina wagonjwa ishirini na tisa."

Mfumo uliyaruhusu yote na kuyaandika yote. Ulikuwa unahesabu kila faili peke yake, haukujumlisha, naye Elias aliikata orodha vipande vipande chini ya thelathini. Flashi aliyotumia ilikuwa nyekundu ya aina ileile, lakini namba yake haikuwa kwenye daftari. Alijinunulia mwenyewe Makoroboi.

"Orodha ya nini?" nikauliza, na nilikuwa nalijua jibu.

"Ya CTC."

Nikashika meza. Akilini nilimwona kaka yangu mkubwa ameshika simu, anasoma.

Tulikwenda getini, na kwa mara ya kwanza nilishindwa kumfikia Dorotea kwa mwendo. Tulisimama na mlinzi, Shimba, dakika ambazo sitaki kuzikumbuka, mpaka Elias akarudi kutoka kwa mama lishe anachokonoa meno. Flashi ilikuwa mfukoni mwa shati. Shimba alipoitoa, kijana akaanza kulia. Alisema muuza dawa za mitishamba ndiye aliyemwomba namba za simu za wagonjwa. Hajampa bado, aliapa kwa mama yake. Lakini alikuwa nje saa nzima, na kuapa ni mdomo tu.

Ofisini kwake, Daktari Mihayo aligonga meza. "Funga yote! Leo hii!"

"Funga," na mimi nikasema, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe.

Dorotea akasimama. "Kosa ni langu, Daktari. Niliandika sheria vibaya. Lakini tukifunga yote, Jumatatu Sista atapiga tena picha kwa simu, na hiyo hakuna mfumo utakaoiandika. Naomba mpaka jioni."

Akapewa. Alisajili flashi ishirini, moja moja, kwa namba zake. Akaweka kwamba flashi isiyofungwa kwa nywila isiandikwe kitu. Akaweka jumla ya siku kwa kila mtu, badala ya faili moja moja. Kisha akajaribu mbele yetu. Flashi ya Elias ikakataliwa. Orodha ya Wilhelmina ikapita kwa idhini ya Daktari. Akanakili faili la wagonjwa ishirini na tisa, likapita. Akaongeza la wawili, likagoma. Nilitazama neno "imezuiwa" kwenye skrini, nikalisoma mara mbili.

"Bado wagonjwa wenyewe," akasema. "Flashi imekuwa nje saa nzima. Lazima waambiwe."

Majina yenyewe hakutaka kuyaona. Hana ruhusa, mimi ninayo, akanisukumia kazi hiyo bila kujua anamsukumia nani. Nilifungua mafaili nikiwa peke yangu. Kwenye faili la saba, mstari wa nne, nikakuta jina langu lote na namba yangu ya simu.

Mimi na Wilhelmina tulipiga simu siku tatu. Wengine walitutukana, na walikuwa na haki. Mama mmoja aliuliza jambo moja tu, "Mume wangu ameona?" Nikamwambia kwamba hatujui. Kila aliyeambiwa nilitia alama kwenye daftari mbele ya namba yake ya kliniki, majina hatukuandika.

Siku ya nne Dorotea alikuja kuhesabu alama. Alihesabu polepole, kidole mstari kwa mstari, kisha akarudia.

"Mia tatu na kumi na nane," akasema. "Dada, mmoja hajapigiwa."

"Huyo anajua."

"Nani alimwambia?"

Nilitaka kutunga uongo, nikajikuta nazinyoosha kingo za daftari. Dorotea aliniangalia usoni, akaangalia mikono yangu juu ya meza. Akachukua kalamu, akatia alama ya mia tatu na kumi na tisa, akafunga daftari. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu yangu, na mimi nikalia.